Siku moja mezani kwangu na fomu ya ridhaa

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Ninafasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, ninaishi Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni fomu za ridhaa, hojaji na kadi za maelekezo za utafiti wa afya. Mtu anayefikiria kunipa kazi huwa anataka kujua analipia nini, kwa hiyo naeleza hapa siku moja ya kazi ilivyokwenda, tangu asubuhi mpaka nilipofunga kompyuta.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshakaa mezani na chai. Saa hizi sifasiri. Nasoma maandishi ya asili yote, neno kwa neno, kalamu mkononi. Kazi ilikuwa fomu ya ridhaa ya utafiti wa kisukari, pamoja na kadi ya miadi ambayo mtu mwingine alishaifasiri na mteja akaomba niikague. Ninaposoma najiweka mahali pa mshiriki, natafuta maswali atakayouliza. Fomu ilisema nauli itarudishwa. Na nani? Siku hiyohiyo au baadaye? Fedha taslimu au kwa simu? Ilisema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, lakini haikusema damu iliyokwisha kuchukuliwa itafanywaje. Majibu hayo siyabuni. Niliandika maswali kwa mteja nikamtumia kabla sijagusa sentensi hata moja. Mteja ambaye hajawahi kufanya kazi nami huona maswali mengi, lakini ni nafuu niyaulize mimi leo kuliko mshiriki ayaulize kliniki na muuguzi akose la kujibu.

Saa mbili na nusu majibu mawili yalikuwa yamefika, nikaanza. Natumia OmegaT, programu ya bure inayokata maandishi sentensi kwa sentensi na kukumbuka nilivyofasiri zamani. Inasaidia kweli, kwa sababu fomu za ridhaa hufanana. Hatari yake iko hapohapo. Nilipofika kwenye sentensi ya kiasi cha damu, programu ilinipendekezea sentensi ya utafiti wa zamani, karibu sawa kabisa, ila ile ilisema mililita 5 na hii inasema mililita 10. Jicho lililochoka linaipitisha. Na kosa halikai kwenye namba tu: fomu ya zamani iliongeza maelezo “sawa na kijiko kimoja cha chai”, na mililita 10 ni vijiko viwili. Ndiyo maana nikimaliza sura nzima narudi kupitia namba peke yake, asili upande huu na tafsiri upande ule, bila kusoma maneno.

Mchana sina mengi ya kusema. Nilikula, nikaswali, nikapumzika kidogo maana joto la Tanga saa nane halina mjadala.

Saa tisa niliishika ile kadi ya miadi, na hapa ndipo siku ilipokuwa na uzito. Kadi ilimwelekeza mshiriki namna ya kufunga kula kabla ya kupimwa sukari. Kipimo ni saa mbili asubuhi, na asili ya Kiingereza ilitaka mtu asile baada ya saa nne usiku. Tafsiri niliyopewa ilisema: “Usile chochote baada ya saa 10 usiku.” Namba ya Kiingereza ilikuwa imebebwa ilivyo, bila kuhamishwa kwenye saa zetu.

Kadi hiyo ilikuwa na tafsiri rejeshi pia, yaani mfasiri wa pili aliichukua ile ya Kiswahili akairudisha kwa Kiingereza bila kuona asili, ili mteja alinganishe. Ililingana na asili vizuri sana. Aliyerudisha naye alikuwa ameibeba 10 kama ilivyo, makosa mawili yakafutana, na karatasi ikaonekana safi. Wateja wengi huiamini tafsiri rejeshi kama hakikisho la mwisho. Mimi naifanya inapotakiwa, lakini inapima kama maneno yamerudi tu. Haimuulizi msomaji ameelewa nini.

Kwa hiyo saa kumi na nusu nilikwenda Ngamiani kuwapa watu waisome kadi. Hawa si washiriki wa utafiti. Ni watu wazima wa mtaani wa umri na kisomo kinachofanana na cha washiriki. Mteja anakubali utaratibu huo mapema, siandiki majina yao, na muda wao unalipwa. Nilibeba kadi ya zamani pamoja na rasimu yangu, nikaanza na ya zamani makusudi, mteja aone mwenyewe. Mama mmoja anayeuza vitumbua aliisoma kwa sauti, taratibu. Nikamwomba aniambie kwa maneno yake atafanya nini usiku wa kuamkia siku ya kipimo.

“Si kama daku, mwanangu? Nitaamka nile nishibe, ikifika saa kumi naacha.”

“Halafu asubuhi?”

“Saa mbili niko kliniki, nimefunga.”

Alikuwa ameielewa kadi sawasawa kama ilivyoandikwa. Kipimo cha sukari cha kufunga kinataka angalau saa 8 bila chakula, naye angefika akiwa na saa 4. Sukari yake ingeweza kusomeka juu ya milimoli 7 kwa lita, kiwango kinachotumika kutambua kisukari, kwa sababu ya chakula cha alfajiri tu. Na hakuna ambaye angejua, maana akiulizwa kama amefunga angejibu ndiyo, na angekuwa anasema kweli.

Nikampa rasimu yangu: “Usile chochote baada ya saa 4 usiku (22:00 kwenye simu) mpaka utakapopimwa asubuhi.” Akasema hapo basi ni kula cha usiku na kulala. Kisha akauliza swali ambalo kadi haikujibu: “Na maji je?” Nikaliandika kama alivyolisema.

Saa moja jioni nilimtumia mteja tafsiri pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo: nini nimebadilisha, kwa nini, watu walielewa nini, na swali la maji linalosubiri daktari wa utafiti. Ile ya kuongeza 22:00 niliiwekea alama aamue yeye, kwa kuwa haimo kwenye asili. Namba ya toleo na tarehe nilizilinganisha na za Kiingereza, kwa sababu nyaraka zikishapitishwa na kamati ya maadili, kubadilisha hata sentensi moja kunahitaji kuomba kibali upya. Kadi hii ilikuwa bado haijapelekwa, na hilo lilinifurahisha kuliko kitu kingine siku hiyo.

Kisha ankara. Nalipisha kwa idadi ya maneno ya asili, bei tunayokubaliana kabla ya kuanza, na zoezi la kuwapa watu wasome linaandikwa kwa mstari wake, ili asiyelihitaji asilipie.

Barua ya mwisho ilitoka kwa mtu anayetaka mkataba wa ardhi ufasiriwe kwenda Kiingereza kwa ajili ya mahakama. Nilimjibu kwamba kazi za sheria sizichukui, na kwenda Kiingereza sifasiri bila mhariri ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza. Nikamwelekeza kwa mwenzangu anayezifanya, nikafunga kompyuta.