Mitungi saba na dumu moja la petroli: ninavyohesabu mzigo wa gesi

Nasambaza gesi ya propani kwa gari dogo la mizigo huku Uingereza, kwenye mashamba na nyumba ambazo bomba la gesi halijafika. Kazi hii inafuata ADR, mkataba wa Ulaya wa mwaka 1957 kuhusu kusafirisha bidhaa za hatari barabarani. Ndugu zetu wanaoingia kwenye udereva huku huniuliza swali lile lile: nikibeba mitungi mingapi ndipo nitahitaji cheti cha dereva wa bidhaa za hatari?

Idadi ya mitungi peke yake haikupi jibu. Kinachoamua ni jumla ya pointi za mzigo: ikipita 1,000, cheti kinahitajika. Kila kilo ya propani ni pointi 3, na unahesabu gesi tu, chuma cha mtungi hakimo. Mtungi wetu mkubwa una kilo 47 za gesi, basi ni pointi 141. Lita moja ya petroli nayo ni pointi 3, ya dizeli ni pointi 1. Mitungi mitupu inayorudi haiongezi chochote, ila vali zake zifungwe kama za iliyojaa, kwa sababu mabaki ya gesi bado yamo.

Siku moja nilikuwa nimepakia mitungi saba mikubwa, yaani pointi 987. Kabla sijatoka, mteja mmoja akapiga simu: "Ukija, niletee na petroli lita tano ya mashine ya kukatia nyasi." Dumu dogo tu, lakini ni pointi 15, na jumla inakuwa 1,002. Wakati huo sikuwa na cheti, kwa hiyo dumu lilibaki, nikampelekea safari iliyofuata. Watu wengi hawategemei kwamba kidumu cha mkononi kinaweza kubadilisha hadhi ya gari zima, lakini ndivyo ilivyo: ukivuka 1,000, masharti yote yanaushika mzigo wote.

Chini ya kikomo hicho hauko huru kabisa. Lazima uwe na mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2, mwajiri akupe mafunzo ya msingi, usivute sigara karibu na gari, na mitungi ifungwe isicheze. Mimi huisimamisha wima, vali juu, kisha napitisha mkanda wa kukaza juu kidogo ya katikati ya mtungi. Nikiutikisa mmoja kwa mkono na wenzake wakatikisika nao, najua umekaza. Ukisikia chuma kikigongana kwenye kona, simama.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni hewa. Propani ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Ndiyo maana gari letu lina matundu chini kabisa ya kuta, na kabla ya kupakia nahakikisha hayajazibwa na boksi wala blanketi. Gari lililofungwa lisilo na matundu linatakiwa liandikwe kwenye mlango onyo kwamba halina hewa na lifunguliwe kwa uangalifu, kwa herufi zisizopungua milimita 25. Nikishuku vali inavuja, naipaka maji ya sabuni: povu likianza kuvimba, mtungi huo haupandi gari.

Oda zilipoongezeka nikaenda kusomea cheti. Tulisoma sehemu ya jumla, kisha gesi na mafuta, tukazima moto wa kweli kwa mikono yetu, halafu mtihani wa maandishi. Cheti hudumu miaka mitano. Ukirudia mafunzo na kufaulu ndani ya miezi 12 ya mwisho, kipya kinaanza pale cha zamani kinapoishia, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kuwahi.

Sasa nikipita pointi 1,000, nafungua vibao viwili vya rangi ya chungwa, kimoja mbele na kimoja nyuma, sentimita 40 kwa 30. Kwa mitungi vibao havina namba. Namba ni za magari ya tangi. Kwa gari la tani 3.5 kama langu, vizima moto vinakuwa viwili, jumla kilo 4. Ndani ya kabati ya dereva nakaa na karatasi za maelekezo ya dharura, na mkataba unataka ziwe katika lugha ambayo dereva anaisoma na kuielewa. Kama Kiingereza chako bado kizito, mwambie mwajiri. Kuzipata kwa lugha unayoielewa ni jukumu lake.

Nikishashusha kila kitu, mitupu nayo, nakunja vibao hapo hapo. Zimamoto wakikuta kibao wazi kwenye ajali watalikaribia gari kama lina gesi, na dakika watakazopoteza ni za mtu aliyebanwa ndani.