Nilivyoacha kuomba "maoni"
Zamani nikimaliza kushona nguo ya mteja namwandikia: "Naomba maoni yako kuhusu huduma yetu." Kimya. Kumbe nilikuwa nampa insha ya kuandika!

Juzi dada mmoja kanitumia ujumbe: "Gauni limenikaa vizuri mno, hata mabegani!" Nikamjibu papo hapo, furaha ikiwa bado ya moto: "Asante dada. Kabla hujaja, mabega yalikuwa yanakusumbuaje?" Akajibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde 20 hivi: kila fundi alikuwa anamwachia mikunjo. Nikayaandika maneno yake yaleyale, nikamrudishia: "Naweza kuyaweka kwenye ukurasa wangu, bila jina? Ukiona vibaya, hakuna neno kabisa."

Akarekebisha neno moja, akaruhusu. Angenyamaza, nisingemkumbusha zaidi ya mara moja.