Kibo yenye uzi mweupe: wiki ya tatu ya mradi wangu wa picha za simu

Jumanne nilipeleka picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, studio hapa Moshi wanisafishie kwa A3. Fundi akaikodolea macho, akauliza, "Dada, hii umepiga au umechora?"

Kwenye kioo cha simu ilipendeza. Kwenye karatasi, mgongo wa mlima umezungukwa na uzi mweupe pale unapokutana na anga, na migomba ya jirani kama imepakwa kwa brashi.

Chanzo ni simu yenyewe. Sensa yake ni ndogo, na alfajiri mwanga ni haba, kwa hiyo picha inajaa chengachenga. Simu inazilainisha, lakini haitofautishi vizuri chenga na mishipa midogo ya jani la mgomba, basi inafuta vyote. Halafu, picha isionekane imefifia, inanoa kingo: upande wa giza inaukoleza, wa mwanga inaung'arisha. Ule uzi mweupe ndio huo.

Nilianza kwa kupunguza ukali kwenye JPEG ileile, faili ambalo simu imeshalilainisha na kulinoa. Uzi ulififia kidogo, mlima ukaingia ukungu, na mishipa ya majani haikurudi. Ingerudi kutoka wapi?

Alhamisi nikapakua app ya kamera, Open Camera, nikachagua Camera2 API, kisha nikawasha RAW ili nipate faili la DNG ambalo simu haijalilainisha wala kulinoa. (Simu ya mdogo wangu hata haioneshi chaguo hilo.) Faili moja la megapikseli 12 lilikula karibu MB 24, na simu yangu ilishalia kwa kujaa. Saa moja kasoro asubuhi, mawingu hayajashuka, nikapiga Kibo pale pale juu ya mabati ya jirani. Nilishusha mwangaza hadi -0.7, maana DNG hii ni picha moja tu, haiunganishwi na nyingine kuokoa theluji isiungue kwa mwanga ikabaki nyeupe tupu.

Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, niliweka Sharpening 20, Radius 0.8, yaani upana wa kunoa pembeni mwa kila ukingo, na Masking 60 ili kunoa kuguse kingo tu na kuacha anga. Noise Reduction niliishia 10. Chenga za rangi, zile nyekundu na kijani, niliziondoa zaidi, kwa sababu hizo ndizo zinaudhi; za kijivu niliziacha. Kila nikisogeza kitu nilikuza picha hadi 100% na kuangalia sehemu mbili: mgongo wa mlima na ukingo wa bati. Radius ilipofika 1.5 uzi ulianza kurudi, safari hii kwa mkono wangu.

Nilisafisha tena A3. Chenga za angani hazionekani ukisimama hatua moja, na jani la mgomba lina mishipa yake. Fundi aliuliza kama nimenunua kamera.

Jumapili naenda kupiga jikoni kwa bibi, kwenye giza na moshi wa kuni. Jaribio la jana la huko lilitoa DNG yenye chenga kama pishi la mchele, na ile JPEG ya simu, nakiri, ilikuwa afadhali.