Siku moja nyuma ya vioo vya wakalimani

Saa 11 alfajiri

Simu yangu ilikuwa na ujumbe wa wafasiri kabla ya adhana ya alfajiri. Hotuba mbili za leo, moja ya Kifaransa na moja ya Kiswahili, zilikuwa tayari katika lugha zote nne, na kila faili limeandikwa namba ya ajenda na lugha yake. Walifunga kompyuta usiku wa manane. Nikawajibu, "Ahsanteni, laleni, tusionane kabla ya saa 4."

Huu ni mkutano wa wakulima wa mwani na wavuvi wa pweza, nami ni mratibu wake. Wajumbe wametoka Unguja, Pemba, Komoro, Madagaska na Msumbiji. Lugha zetu ni Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, hizo hizo zinazotumika rasmi SADC tangu Kiswahili kilipoingizwa mwaka 2019. Naandika siku hii ya pili kwa ajili ya wakalimani na wafasiri wetu. Ahsante ya jumla wanapewa kila mara. Mimi nataka kusema hasa walifanya nini.

Saa 1 asubuhi

Ukumbi uko nje kidogo ya Mji Mkongwe, na upande wa mashariki una madirisha makubwa. Fundi mitambo alikuwa ameshafika. Vibanda vitatu vya wakalimani vimepangwa nyuma kabisa, kila kimoja mita 1.6 kwa mita 1.6, kina kioo mbele na feni ndogo juu isiyopiga kelele. Humo watakaa watu wawili mpaka jioni.

Dada wa kibanda cha Kireno alivaa hedifoni, akazunguka ukumbi mzima chaneli baada ya chaneli. Alipofika viti vya dirishani akasimama. "Fundi, hapa inakwaruza." Sauti kutoka vibandani husafiri kwa miale isiyoonekana, aina ile ile ya rimoti ya televisheni, na jua likimpiga mjumbe moja kwa moja kifaa chake hupokea mwanga wa jua pamoja na miale hiyo. Kwa hiyo sauti hukatika. Tukafunga mapazia ya upande ule, akarudi kwenye viti vile vile, akasikiliza tena, akaridhika. Kama asingezunguka, safu mbili za wajumbe wa Msumbiji zingekaa asubuhi nzima zikidhani mkalimani wao ndiye mbovu.

Saa 2 asubuhi

Chai, vitumbua, na kikao kifupi cha wakalimani. Wote sita walikuwa na faharasa mkononi, kurasa nne za istilahi za mwani na pweza kwa lugha nne. Waliitengeneza wenyewe wiki iliyopita, halafu juzi wawili wao wakaomba wapelekwe ufukweni maji yakiwa yametoka, wakaone vigingi, kamba na namna mwani unavyofungwa. Sikuwa nimepanga safari hiyo. Waliiomba wao, na faida yake niliiona saa mbili baadaye.

Saa 3 asubuhi

Ufunguzi, dua, itifaki, salamu za wageni rasmi. Yote yalikwenda kwa ratiba.

Saa 4 asubuhi

Hapa ndipo penyewe. Aliyepanda jukwaani alikuwa mama mkulima wa mwani kutoka Pemba, mtu wa maneno ya haraka na mikono isiyotulia, akiwa amebeba kamba yake yenye mwani mbichi. Alizungumza Kiswahili cha kwao, bila karatasi.

Wakalimani wetu wa Kifaransa na Kireno hawajui Kiswahili. Kwa hiyo kazi inakwenda kwa kupokezana: kibanda cha Kiswahili kinatoa Kiingereza, na vibanda viwili vingine vinasikiliza Kiingereza hicho na kukigeuza papo hapo. Mjumbe wa Msumbiji anamsikia mama wa Pemba kupitia vinywa viwili. Kosa la mkalimani wa kwanza linafika mezani kwa kila mtu, na hakuna wa mbele anayeweza kulirekebisha, kwa sababu asili hakuisikia.

Nilisimama karibu na kioo nikamwangalia kaka aliyekuwa zamuni. Mama alikuwa anarukaruka: anaanza sentensi, anaiacha, anasimulia jambo jingine, anarudi. Kaka yule hakumfuata kila aliporuka. Alisubiri kidogo wazo likamilike, kisha akatoa sentensi fupi iliyofungwa mwisho wake, ili wenzake wasibaki na nusu ya jambo mdomoni. Na mama alipoinua kamba na kusema, "Mkifunga hivi unakatika, mfunge hivi," mkalimani alisema kwa Kiingereza kwamba msemaji anaonyesha fundo lililokaza mno, na sasa anaonyesha lililoachiwa nafasi ya shina kunenepa. Maana "hivi" peke yake, kwa aliyekaa nyuma ya kichwa cha mtu mrefu, si kitu. Hayo aliyaona ufukweni juzi.

Pembeni yake mwenzake hakuwa amepumzika, ingawa kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa. Alikuwa na kalamu. Mama alisema mwani unavunwa baada ya siku kama 45, na kwamba kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo moja. Kila tarakimu ilipotamkwa mwenzake aliiandika kwa herufi kubwa na kuisogeza mbele ya macho ya kaka aliyekuwa akikalimani: 45. 7–10. 1. Tarakimu haina maana ya kushikia. Sentensi ukiisahau nusu unaweza kuijenga upya kutokana na mada, lakini 45 ikipotea imepotea. Ndiyo maana wanakaa wawili wawili na kubadilishana kila baada ya nusu saa. Ubongo ukichoka, mkalimani mwenyewe huwa wa mwisho kugundua, na mwenzake huwa wa kwanza.

Mama alipomaliza, Bi Mwenyekiti hakukimbilia swali. Tulikubaliana asubuhi kwamba angoje ishara ya mkono kutoka kibanda cha Kireno, kwa sababu sauti ya huko hufika sekunde kadhaa baada ya msemaji kunyamaza. Alingoja. Na mkono wa kwanza kuinuka ukawa wa mjumbe wa Msumbiji, aliyeuliza mbegu wanaibadilisha baada ya mavuno mangapi. Swali likarudi kwa njia ile ile, Kireno, Kiingereza, Kiswahili, na mama akajibu kama vile ameulizwa na jirani yake. Niseme kweli, nililengwalengwa na machozi.

Saa 6 mchana

Mzungumzaji mmoja alikuwa aongee kwa njia ya mtandao. Picha ilikuwa safi lakini sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Sisi wa ukumbini tuliona inasikika. Baada ya dakika mbili mkalimani akatangaza kwenye chaneli kwamba sauti haitoshi kukalimani, akanyamaza. Baadhi ya wajumbe walinung'unika, nami nawatetea wakalimani hapa. Anayesikiliza tu anaweza kukisia maneno yaliyomponyoka. Mkalimani anasikiliza huku anazungumza, sauti yake mwenyewe iko juu ya anachokisikia, na akikisia ukumbi mzima utayachukua makisio yake kuwa maneno ya msemaji. Kunyamaza na kusema sababu ndiyo kazi iliyofanywa kwa uaminifu. Tulimwomba mzungumzaji avae hedifoni yenye kipaza sauti cha mdomoni, sauti ikakaa sawa, tukaendelea.

Saa 7 mchana

Sala ya adhuhuri, wali wa nazi na samaki wa kuchoma. Wakalimani walikula haraka wakarudi kupitia slaidi za mchana.

Saa 8 mchana

Mjumbe mmoja alisoma hotuba yake kutoka kwenye karatasi. Anayezungumza kutoka kichwani husita, hurudia, huvuta pumzi, na humo ndimo mkalimani anapopata nafasi. Anayesoma hana mapengo hayo. Kilichotuokoa ni wafasiri wa usiku: ile hotuba ilikuwa moja ya zile mbili, kwa hiyo kila kibanda kilikuwa na maandishi yake mezani. Hata hivyo hawakuisoma tu. Msemaji aliruka aya nzima ya shukrani, na vibanda vyote vitatu viliruka naye.

Saa 10 alasiri

Niliingia chumba cha wafasiri, wanapoandaa azimio. Kamati inaandika rasimu kwa Kiingereza, kila aya ina namba yake, na wafasiri watatu wanaitoa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kireno kwa namba zile zile, ili mtu akisema "aya ya 6" kila mjumbe aangalie mahali pamoja. Kurasa mbili na nusu, na muda wao ulikuwa chini ya saa mbili.

Mfasiri wa Kireno alikwama kwenye aya ya 6. Ilisema maeneo yaliyokubaliwa na kijiji yafungwe kwa miezi mitatu. Akaniita: "Maalim, yanafungwa kwa nani? Kwa wavuvi wa pweza peke yao, au hata mwenye nyavu haingii?" Mfasiri wa Kiswahili akasema yeye alikuwa ameshaandika uvuvi wa pweza, kwa sababu ndivyo alivyoelewa mjadala wa asubuhi. Wa Kifaransa alikuwa ameandika uvuvi wote. Wote wawili walikuwa hodari, na wote wawili walikuwa na haki, kwani rasimu yenyewe ilikuwa haijaamua.

Nilikwenda mbio kwa kamati. Walibishana robo saa, na ikadhihirika kwamba wenyewe kwa wenyewe hawakuwa wamekubaliana. Mwisho wakaandika kwamba kinachofungwa ni uvuvi wa pweza tu, na kwamba kijiji kinachotaka kufunga zaidi ya hapo kiandike katika kanuni zake. Fikiria lile azimio lingepita lilivyo: wavuvi wa Komoro wangerudi nyumbani na karatasi inayomzuia mtu wa nyavu, wa kwetu na karatasi inayomruhusu, na saini ni zile zile.

Saa 12 jioni

Azimio lilisomwa aya kwa aya na kupita kabla ya magharibi. Nilikuwa nimemwomba Bi Mwenyekiti asiwamalize kwa "tunawashukuru pia wakalimani" mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama. Akawaita watoke vibandani, na wafasiri watoke chumbani kwao, wakapita mbele wote tisa. Mama wa Pemba aliwashika mikono mmoja mmoja. Kwa dada wa Kireno alisimama zaidi, wakazungumza bila kuelewana lugha, mpaka kaka wa kibanda cha Kiswahili akaenda kuwasaidia, na kazi ikaanza tena.

Saa 2 usiku

Nimebaki na fundi tukihesabu hedifoni. Nyinyi tisa, ahsanteni: kwa viti vya dirishani, kwa kalamu na zile tarakimu, kwa kunyamaza sauti ilipokuwa mbovu, kwa aya ya 6. Mlipoondoka mliniomba jambo moja tu, slaidi na hotuba ziwafikie siku tatu kabla. Nimeshaliandika katika masharti ya wazungumzaji wa mkutano ujao, na asiyeleta kwa wakati hatapewa nafasi jukwaani.