Plani iliandikwa 1/50, lakini karatasi ilikuwa imepungua

Kiwanja chetu kiko Ibanda, hapa Bukavu, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha udongo mwekundu unang'ang'ania buti mpaka miguu inakuwa mizito. Tulikuwa tunachimba msingi wa nyumba ya mita 14 kwa 10. Kuta zote zilikuwa na vipimo vilivyoandikwa, kwa hiyo siku za kwanza kazi ilienda bila shida. Shida ilikuja tulipofika kwenye nguzo ya barza. Ilichorwa vizuri, mraba mdogo uliojazwa weusi, lakini umbali wake kutoka ukuta wa sebule haukuandikwa popote.

Mhandisi aliyechora alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Fundi mkubwa, mzee niliyemkuta kwenye kazi hii tangu nikiwa msaidizi, akafungua plani juu ya mifuko ya saruji, akaweka rula.

"Shefu, ni milimita 63. Kwa 1/50 inatoa mita 3 na sentimita 15. Tuchimbe?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi: kwa 1/50, milimita 1 ya karatasi ni sentimita 5 za kiwanja, na 63 mara 5 ni 315. Nilichokuwa sina hakika nacho ni karatasi yenyewe. Mimi ndiye niliyeenda kuichapisha pale Nyawera, na nilikumbuka kijana wa mashine alibonyeza haraka haraka, sikutazama alichochagua.

"Papa, ngoja kwanza. Tupime kitu ambacho tunajua ukubwa wake."

Hapo watu wengi wanapima mlango, kwa kuwa kila mtu anajua mlango ni sentimita 90. Lakini kwa 1/50 mlango ni milimita 18 tu. Karatasi ikipungua kidogo, ule mlango unakuwa milimita 17 na kitu, na jicho linakubali tu kwamba ni 18. Kosa dogo linaonekana kwenye urefu mkubwa. Kwa hiyo nilichukua kipimo kirefu kuliko vyote, ule upande wa mita 14. Kwa 1/50 unapaswa kuwa milimita 280. Rula ilisoma 270 na nusu.

Nikageuza rula kwenye upande wa mita 10, ambao ungepaswa kuwa milimita 200. Ulikuwa 193. Ukigawa 270.5 kwa 280 unapata 0.966, ukigawa 193 kwa 200 unapata 0.965. Pande zote mbili zimepungua kwa kiasi kilekile, yaani karatasi nzima imefinywa sawasawa. Hilo lilinipa utulivu. Kama upande mmoja ungepungua na mwingine ukabaki, tuseme plani imepigwa picha kwa simu ikiwa imelala upande kisha ikachapishwa, nisingeweza kuitegemea hata kwa makadirio.

Sababu yenyewe ni ya kawaida sana. Mashine ya kuchapisha haiwezi kupaka wino mpaka ukingoni. Inaacha milimita chache kila upande. Ukichagua `Ajuster`, programu inabana ukurasa wote uingie ndani ya nafasi hiyo. A3 ina upana wa milimita 297. Ukitoa 5 kila upande, zinabaki 287, na 287 kwa 297 ni ile ile 0.966. Lakini maandishi ya 1/50 kwenye kona hayapungui maana yake: yanabaki kusema 1/50 wakati plani sasa ni kama 1/52. Mstari wa skeli uliochorwa, ule wenye vigawanyo vya mita, ungepungua pamoja na nyumba na ungebaki kusema ukweli. Plani yetu haikuwa nao.

Na huku kupungua kidogo ndiko kunakonitia hofu. Plani ya A3 ikitolewa kwenye A4 inashuka mpaka asilimia 71 hivi, na kila fundi anaona mara moja kwamba haifanani. Asilimia 96 au 97 haionekani kwa macho.

Nilimwonyesha mzee hesabu kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Mita 14 ni sentimita 1400. Gawa kwa milimita 270.5, kila milimita ya karatasi hii inabeba sentimita 5.18 badala ya 5. Milimita 63 mara 5.18 ni 326. Kwa hiyo nguzo iko karibu na mita 3.26 kutoka ukutani, wala si 3.15. Sentimita 11 za tofauti! Boriti ya barza ingekuja kukaa pembeni ya nguzo.

Mzee alinyamaza, akarudia kupima mwenyewe. Kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Na tutajuaje kama ni karatasi imepungua, au ni kile kipimo cha mita 14 ndicho kimeandikwa vibaya?"

Jibu ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Karatasi ikiwa na kosa, vipimo vyote vinakosea kwa uwiano uleule. Mwandishi akiwa na kosa, kimoja tu kinatoka kwenye mstari. Tukaanza kupima vyumba, na kweli tukakutana na kimoja. Chumba cha kushoto kiliandikwa 4.20, kama cha kulia. Cha kulia kilisoma milimita 81, ambayo mara 5.18 inarudi kwenye 4.20. Cha kushoto kilisoma 77 na kidogo, ambayo ni mita 4 kamili. Tukajumlisha: 4.20, sebule 5.00, 4.20, na kuta nne za sentimita 20. Inatoka 14.20, wakati jumla iliyoandikwa ni 14.00. Chumba cha kushoto ni mita 4, na hilo tungeligundua tu siku ya kupandisha ukuta.

Hata hivyo sikumruhusu mtu achimbe kwa 3.26. Rula ya plastiki ukiisoma vibaya kwa nusu milimita, kwenye kiwanja ni sentimita 2 na nusu. Kupima karatasi kulinisaidia kujua kwamba 3.15 ni uongo. Hakukunipa namba ya kupigia kamba. Tulihamia upande wa nyuma, tukaendelea na mtaro wa ukuta wa kuzuia udongo, ambao vipimo vyake vilikuwa kamili.

Jioni mhandisi alipatikana. Nilimwambia mambo yote mawili. Nguzo: mita 3.25 kutoka uso wa nje wa ukuta mpaka katikati ya nguzo. Chumba cha kushoto: 4.00, alikibadilisha mwishoni na maandishi yakabaki ya zamani. Akatuma faili mpya usiku uleule.

Asubuhi nilirudi Nyawera na rula mfukoni. Kijana akachagua `Taille réelle`, mimi nikitazama kioo, na kabla sijalipa niliitandaza karatasi juu ya meza yake na kupima upande mrefu. 280. Zile kopi za zamani, tatu, nilizikusanya kiwanjani moja moja, hata ile aliyokuwa amefungia mkate fundi wa vyuma, nikazipiga mkwaju wa kalamu nyekundu. Saa nne mzee alikuwa ameshafunga kamba kwenye 3.25.