Hao polisi ni wangapi? Nilivyoacha kukwepa upatanisho wa Kiingereza

Kwa miaka miwili niliandika ripoti zangu za Kiingereza karibu zote kwa wakati uliopita, na hakuna aliyegundua kwamba nilikuwa najificha. Niliandika "The police arrived", "Everyone left", "The committee decided", nikalala usingizi. Kitenzi cha Kiingereza katika wakati huo hakijali kiima ni kimoja au vingi, isipokuwa "was" na "were". Ukiweka "will" au "can", nako hakuna wa kukuuliza. Upatanisho wa Kiingereza huonekana mahali pachache tu: ile "s" ya wakati uliopo, kisha "is" na "are", "has" na "have", "does" na "do", pamoja na hizo "was" na "were". Nilizikwepa zote kama mtu anayekwepa madimbwi.

Siku moja nikaombwa muhtasari wa mambo yalivyo kwa sasa, si yalivyokuwa. Nikaandika sentensi nne:

"The police has recovered two motorcycles. Neither of the motorcycles are registered. Everyone in the building have given a statement. The committee have not agreed among themselves on the next step."

Mhariri, mzee mmoja mpole, alinirudishia karatasi ikiwa na miduara mitatu na alama moja ya kuuliza. Kwenye mduara wa kwanza alikuwa ameandika kwa Kiswahili: "Binti, hao polisi ni wangapi?"

Swali hilo lilinifungua macho, kwa sababu nilijua hasa "has" yangu imetoka wapi. Kichwani nilikuwa nimesikia "jeshi la polisi limepata pikipiki mbili". Ile "li" ni ya jeshi, si ya polisi. Nikalivusha jeshi hadi kwenye Kiingereza halafu nikalisahau njiani. Katika Kiingereza "police" halina "s" lakini ni wingi daima: "The police have", "The police are". Ukitaka umoja, basi lirudishe lile jeshi na useme "The police force has". Kosa la pili la neno hilohilo hutoka kwetu pia. Sisi tunasema polisi amefika, polisi wamefika, neno halibadiliki, na mmoja wao ni polisi mmoja. Kwa hiyo mtu huandika "a police has come". Mmoja ni "a police officer". Na hapa Waingereza na Wamarekani hawatofautiani, jambo ambalo nililishukuru baadaye nilipofika kwenye kamati.

"Everyone" lilinitia aibu zaidi, maana Kiswahili kilikuwa kimeshanipa jibu nikalikataa. Nilikuwa nalitafsiri moyoni kama "watu wote", na watu wote huchukua "wa". Lakini "everyone" si watu wote, ni kila mtu. Hakuna Mswahili anayesema "kila mtu wametoa maelezo". Tunasema kila mtu ametoa, ingawa jengo zima limejaa watu. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye "everyone", "everybody" au "each", nasema kwanza "kila", nasikiliza kitenzi changu, nikipata "a" naandika "has". Neno la watu wote kweli ni "all", nalo huchukua wingi bila ubishi: "All have given statements".

"Neither" lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Maana yake ni hakuna hata mmoja kati ya viwili, na huyo "hata mmoja" ndiye anayetawala kitenzi: "Neither of the motorcycles is registered". Kilichonipoteza ni lile "motorcycles" lililokaa jirani na kitenzi likiwa na "s" yake. Jirani si kiima. Nilianza kuweka kidole juu ya sehemu inayoanzia "of" hadi mwisho wa nomino, nikasoma kilichobaki: "Neither is registered". Kwa sauti utawasikia hata waliozaliwa na Kiingereza wakisema "neither of them are", na hawaulizwi. Kwenye ripoti au mtihani, umoja ndio salama. Angalia pia ukanushi. Sisi tunasema "zote mbili hazijasajiliwa", kitenzi kimekanushwa, kwa hiyo mkono unataka kuandika "Neither of them is not registered". "Neither" limeshakanusha; ukikanusha tena umezisajili.

Kidole hicho nacho kina mpaka wake, niliugundua kwa kuumia. Niliandika "A number of people is waiting" kwa kuwa nilifunika "of people" nikabaki na "a number", umoja safi. Si sahihi. "A number of people" ni watu kadhaa, na watu kadhaa wanasubiri: "are waiting". Likiwa "the number of people", hapo ni idadi ya watu, na idadi inaongezeka: "is growing". Kidole hakioni tofauti hiyo, ila Kiswahili kinaiona mara moja.

Imebaki ile alama ya kuuliza. "The committee have not agreed among themselves." Nilidhani ni kosa la nne. Mzee akaniambia hapana, anataka tu kujua kama nilifanya kwa makusudi. Nomino za jamii kama "committee", "team", "family" na "government" kwa Kiingereza cha Marekani huchukua umoja karibu kila mara. Kwa Kiingereza cha Uingereza unaweza kuchagua. Ukiiona kamati kama kitu kimoja kilichotoa uamuzi, ni "has". Ukiwaona wanakamati wakivutana wao kwa wao, ni "have". Sentensi yangu ilikuwa ya kuvutana, kwa hiyo ilisimama, ingawa kwa bahati. Kiswahili hakisaidii sana hapa: kamati imekubaliana, kamati haijakubaliana, "i" ileile hata wakirushiana viti.

Nilichochagua ni kutumia umoja kwenye nomino hizi zote, na pale ugomvi unapokuwa wa watu, naandika "The members of the committee have". Inaongeza maneno matatu na kuondoa ubishi na msomaji yeyote. Kosa halisi, na nalikuta hata kwenye maandishi ya watu waliobobea, ni kuchanganya: "The committee has submitted their report and are waiting". Ukianza na "has", endelea na "its" na "is".

Kwa "everyone" sheria hiyo ya kutochanganya haifanyi kazi. Kitenzi ni umoja, lakini kiwakilishi kinachofuata huwa "their", kwa kuwa Kiingereza hakina "wake" yetu isiyobagua mume na mke. Hata swali la mkiani hugeuka. Mwezi uliofuata nilimpelekea mzee karatasi nyingine, mstari wa mwisho ukiwa "Everyone has signed, haven't they?" Aliuzungushia mduara, akausoma tena kwa sauti ya chini, kisha akaomba kifutio.