Jinsi nilivyojibu lawama iliyotumwa na nakala kwa meneja

Mwenzangu wa stoo hapa Tanga aliniandikia barua pepe kwamba nimechelewesha hati za mzigo wa mkonge, nakala kwa meneja. Nikaandika jibu refu la hasira, nikalifuta, nikatoka kunywa kahawa.

Niliporudi nilifungua kwanza barua nilizotuma. Kisha nikajibu wote, maana kumwondoa meneja kungeonekana naficha kitu:

"Habari za mchana. Ankara niliituma Jumanne saa 4:10 asubuhi, naiambatisha tena. Orodha ya marobota ndiyo niliyoichelewesha hadi saa 9 alasiri, samahani. Nikipata uzito kutoka stoo kabla ya saa 6 mchana, itatoka siku hiyohiyo."

"Wewe" sikuliandika popote. Meneja alijibu kwa ufupi: "Sawa, uzito saa 6."